Sanduku lasema hasara, hesabu yasema faida: somo la kantini ya shule

Mwulize mwanafunzi kantini ya shule imepata faida kiasi gani wiki hii, naye atataka kwanza kufungua sanduku la pesa. Zikiwa zimeongezeka atasema faida, zikiwa zimepungua atasema hasara. Ndivyo aonavyo watu wakipiga hesabu za vibanda mtaani kwao. Ndiyo maana kanuni ya "mauzo kutoa gharama" huandikwa vizuri daftarini na bado kichwani mambo hubaki yalivyokuwa.

Mpango wa somo tunaoueleza hapa umejengwa juu ya kosa hilo moja. Unatumia wiki moja ya kantini ya kubuni katika shule ya kutwa mtaani Kayole, na tarakimu zake zimepangwa ili sanduku lipotoshe kabisa: pesa zimepungua kwa shilingi 2,200 ilhali kantini imepata faida ya shilingi 480. Zimepangwa pia ili kila kosa la kawaida litoe jibu lake la kipekee. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 48 hawezi kusoma kila karatasi, lakini anaweza kupita kati ya madawati, kutupia jicho tarakimu ya mwisho na kujua kundi limepotelea wapi.

Somo linachukua vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Linafaa Kidato cha 3 au Gredi ya 10, kwa wanafunzi wanaojua stakabadhi ni nini lakini hawajawahi kuandaa hesabu ya faida na hasara. Wagawe katika makundi manane ya watu sita. Kila kundi lipewe bahasha yenye karatasi tano: hesabu ya bidhaa ya Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni, stakabadhi za manunuzi, daftari la mauzo, daftari la madeni, na orodha ya malipo mengine. Usiwape muundo wa hesabu ya faida na hasara. Ukiwapa nafasi za kujaza, watajaza, na hutajua kama wameelewa.

Yaliyomo ndani ya bahasha

Kantini inauza vitu vitatu tu. Maandazi hununuliwa kwa mama mpishi jirani na shule kwa shilingi 7 na kuuzwa kwa shilingi 10. Njugu zilizofungwa hutoka kwa muuzaji wa jumla Nyamakima kwa shilingi 14 pakiti, zikauzwa kwa 20. Maji ya nusu lita huja kwa katoni ya chupa 24 kwa shilingi 480, yaani shilingi 20 chupa, na huuzwa kwa 30. Bei hizi ni za mfano. Mwalimu anaweza kuweka za mtaa wake, ila akizibadilisha itabidi ahesabu upya majibu yote yaliyo hapa chini.

Jumatatu asubuhi sanduku lina shilingi 2,500. Rafuni kuna chupa 24 za maji na pakiti 30 za njugu, ambazo kwa bei ya kununulia ni shilingi 480 na 420, jumla 900. Maandazi hayapo, kwa sababu hayalali.

Katika wiki, kantini inanunua maandazi 100 kila siku kwa siku tano, pakiti 100 za njugu, na katoni 5 za maji. Maji ni mengi kuliko kawaida kwa kuwa wiki inayofuata kuna michezo ya shule. Manunuzi yote yanafika shilingi 7,300, yakilipwa taslimu, na nauli ya kuleta mzigo ni shilingi 300.

Yanauzwa maandazi 460, pakiti 105 za njugu na chupa 60 za maji, jumla shilingi 8,500. Katika hizo, bidhaa za shilingi 350 zimechukuliwa kwa deni. Ijumaa jioni zimebaki pakiti 25 za njugu na chupa 84 za maji. Maandazi 40 hayakuuzwa, yakatupwa.

Malipo mengine ni mhudumu shilingi 1,000, kodi ya chumba kwa shule 400, na mifuko ya karatasi 150. Usiandike mifuko ya plastiki, kwa maana ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017 na wanafunzi watakusahihisha. Mwisho, kantini imenunua kabati la kioo la kuwekea maandazi kwa shilingi 1,200. Ukilipa yote hayo, sanduku linabaki na shilingi 300.

Kura kabla ya hesabu

Katika dakika kumi za kwanza bahasha zikae zimefungwa. Andika ubaoni mambo mawili tu: sanduku lilianza na 2,500, likaisha na 300. Uliza kama kantini imepata faida au hasara, na wapige kura kwa kuinua mikono. Andika idadi ya kura ubaoni na uiache hapo hadi mwisho wa kipindi cha pili. Wengi watasema hasara ya 2,200. Usiwapinge wala usiwape dokezo. Kura hii ina kazi: mwanafunzi aliyejitokeza mbele ya wenzake na jibu lake atataka kujua kwa nini tarakimu ya baadaye ni tofauti, na hamu hiyo haipatikani kwa kuandika kanuni ubaoni.

Swali linalobeba somo

Bahasha zikifunguliwa, toa swali moja la kuuliza kuhusu kila shilingi iliyotoka sandukuni: kile ilichonunua kimekwisha wiki hii, au bado kipo? Kilichokwisha ni gharama ya wiki hii. Kilichopo ni mali ya kantini, hata kama pesa zake zimeshatoka. Kwa upande wa mauzo swali hugeuka: bidhaa imeshaondoka mikononi mwetu? Ikiwa imeondoka, ni mauzo, pesa ziwe zimeingia au la.

Wape dakika 25 wapange kila karatasi katika mafungu mawili, kilichokwisha na kilichopo. Mshahara wa mhudumu hauna ubishi, kwa kuwa wiki yake imepita. Kodi vivyo hivyo. Ubishi wa kweli huanza kwenye maji. Katoni 5 zimelipiwa, lakini chupa 84 zipo rafuni, kwa hiyo fungu moja la stakabadhi linakwenda huku na jingine kule. Hapo ndipo kundi linapogundua lenyewe haja ya kuhesabu bidhaa mwanzo na mwisho wa wiki. Waache wabishane. Dakika tano wanazopoteza hapo zinaokoa muhula mzima wa kukariri kwamba bidhaa za mwanzo hujumlishwa na za mwisho hutolewa.

Kitu kingine kitakachohitaji mkono wa mwalimu ni nauli ya 300. Wanafunzi huiweka pamoja na kodi na mshahara. Katika hesabu za biashara, gharama ya kuleta bidhaa dukani ni sehemu ya gharama ya bidhaa zenyewe, hivyo hujumlishwa kwenye manunuzi. Faida halisi haibadiliki, lakini faida ghafi hubadilika, na mtihani huzipa alama zote mbili. Eleza hili kwa sentensi mbili, kisha endelea.

Hesabu yenyewe

Kipindi cha pili kinaanza kwa kila kundi kuandika hesabu yake kwa maneno yake. Baada ya dakika 15, iandike ubaoni kwa mpangilio unaokubalika:

| Maelezo | Sh. | Sh. |
|---|---|---|
| Mauzo | | 8,500 |
| Bidhaa za mwanzo | 900 | |
| Manunuzi | 7,300 | |
| Nauli ya kuleta bidhaa | 300 | |
| Bidhaa zilizokuwepo kwa kuuza | 8,500 | |
| Toa bidhaa za mwisho | 2,030 | |
| Gharama ya bidhaa zilizouzwa | | 6,470 |
| Faida ghafi | | 2,030 |
| Mshahara, kodi na mifuko | | 1,550 |
| Faida halisi | | 480 |

Bidhaa za mwisho ni chupa 84 kwa shilingi 20, yaani 1,680, na pakiti 25 kwa shilingi 14, yaani 350. Faida ghafi imetokea kuwa sawa na thamani ya bidhaa za mwisho, zote 2,030. Hilo litawashangaza baadhi ya wanafunzi. Linatokana na jambo jingine lililopangwa makusudi: bidhaa zilizokuwepo kwa kuuza ni 8,500, sawasawa na mauzo. Kundi litakalosahau kutoa bidhaa za mwisho litapata faida ghafi sufuri na kuishia na hasara ya 1,550. Sufuri huvutia macho. Mwanafunzi akiiona huacha kalamu na kujiuliza inawezekanaje kantini iuze wiki nzima kwa bei ya juu kuliko ya kununulia isipate hata shilingi.

Kusoma kosa kupitia jibu

Majibu mengine nayo yana asili yake. Ukikuta hasara ya 720, kundi limelihesabu kabati la kioo kama gharama ya wiki. Warudishe kwenye swali: kabati limekwisha, au bado lipo? Ukikuta faida ya 130, wameacha mauzo ya deni kwa sababu pesa hazijaingia. Faida ya 1,380 inatoka kwa waliosahau bidhaa za Jumatatu asubuhi, wakadhani maji na njugu zilizokuwa rafuni zilipatikana bure. Faida ya 780 ni nauli iliyoachwa.

Makosa mawili yanahitaji muda zaidi, kwa sababu wanaoyafanya huwa na hoja nzuri. La kwanza ni faida ya 1,470. Kundi hili limehesabu bidhaa za mwisho kwa bei ya kuuzia: maji 84 kwa 30 na njugu 25 kwa 20, jumla 3,020, ambayo inazidi tarakimu sahihi kwa 990. Watasema kwamba bidhaa hizo zitauzwa kwa bei hiyo, na huenda zikauzwa kweli. Lakini shilingi hizo 990 ni faida ya chupa na pakiti ambazo bado hakuna aliyezinunua. Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Mvua ikinyesha siku ya michezo maji yatabaki, na faida iliyokwisha kutangazwa wiki hii itakuwa haipo. Ndiyo sababu bidhaa zilizobaki huandikwa kwa bei ya kununulia. Kama zimeharibika na haziwezi kuuzwa hata kwa bei hiyo, huandikwa kwa kile kidogo zinachoweza kuleta.

Kosa la pili ni faida ya 200. Wanaolipata ni wanafunzi makini walioona kwamba maandazi 40 yaliyotupwa ni hasara ya shilingi 280, wakaitoa kama gharama ya ziada. Hasara hiyo ni ya kweli, ila imeshatolewa. Maandazi yote 500 yamo ndani ya manunuzi ya 7,300, na kwenye bidhaa za mwisho hakuna hata moja, kwa hiyo gharama ya yale 40 imepita yenyewe pamoja na ya yaliyouzwa. Kuitoa tena ni kulipa mara mbili. Njia nzuri ya kuwaonyesha ni kuhesabu faida ya kila bidhaa pembeni. Maji yameleta 600 na njugu 630. Maandazi 460 yameleta 1,380, ukitoa 280 za yaliyotupwa inabaki 1,100. Jumla ni 2,330, toa nauli 300, unapata 2,030 ile ile iliyo ubaoni. Njia mbili zikifika mahali pamoja, ubishi huisha.

Kurudi kwenye sanduku

Makundi mengi yakifikia 480, rudi kwenye kura zilizoachwa ubaoni. Sanduku limepungua kwa 2,200, faida ni 480. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni 2,680, na kila kundi lina dakika kumi kuonyesha ilipo. Hii ndiyo sehemu tunayoiona kuwa ya thamani kuliko zote, na ndiyo inayokatwa muda unapobana. Afadhali kukata kitu kingine.

Jibu liko katika lile fungu la vilivyopo walilopanga mwanzoni. Bidhaa rafuni zimeongezeka kutoka 900 hadi 2,030, kwa hiyo shilingi 1,130 zimegeuka bidhaa na kusimama pale. Madeni ni 350, yapo mifukoni mwa watu. Kabati ni 1,200. Ukijumlisha unapata 2,680 kamili, bila shilingi kupotea. Mwanafunzi akiweza kueleza mistari hii mitatu kwa maneno yake, anaelewa tofauti ya faida na pesa taslimu. Akiweza kuandika hesabu ya faida na hasara lakini asiweze kueleza hii, amekariri.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kama kabati litakaa bila gharama milele. Swali ni la haki. Kabati huchakaa, na uchakavu wake ni gharama ya kila wiki linayotumika. Likikadiriwa kudumu wiki 60 za masomo, ni shilingi 20 kwa wiki, na faida halisi inashuka hadi 460. Kwa wanaoanza, iache nje ya hesabu kuu na uijibu pale inapoulizwa.

Maandazi mangapi yaagizwe

Muda ukibaki, au katika kipindi kinachofuata, rudi kwenye maandazi. Hapa hesabu inaanza kusaidia kuamua. Kila andazi lililouzwa linaleta faida ya shilingi 3, na kila lililotupwa linaondoka na shilingi 7. Kwa hiyo maandazi matatu yakitupwa, yamekula faida ya saba yaliyouzwa. Waache wanafunzi wahesabu yale 40 yamekula faida ya maandazi mangapi. Watapata zaidi ya 93, karibu mauzo ya siku nzima.

Haraka watasema agizo lipunguzwe. Waulize lipunguzwe kwa kiasi gani na siku gani. Waambie kwamba katika yale 40, maandazi 25 yalibaki Jumatano na 15 Ijumaa, na siku nyingine tatu yaliisha. Kupunguza siku zote tano hadi 92 kungepunguza hasara ya siku mbili na kukosesha mauzo siku tatu. Kipimo cha kutumia kinatokana na bei zenyewe: andazi moja la ziada linagharimu 7 na likiuzwa linaleta 10, kwa hiyo lina maana kuliagiza tu kama, kwa kawaida ya siku hiyo ya wiki, lingeuzwa zaidi ya mara 7 katika kila 10. Kwa njugu na maji kipimo hiki hakifai, kwa kuwa kisichouzwa leo kinauzwa kesho. Wiki moja haitoshi kujua kawaida ya Jumatano. Daftari la muhula mmoja linatosha kuanza.

Tahadhari moja juu ya asilimia, maana itajitokeza hapa. Faida ya shilingi 3 ni asilimia 30 ya bei ya kuuzia, na ni karibu asilimia 43 ya bei ya kununulia. Wanafunzi huchanganya hizi mbili kila mara. Kabla ya kuandika asilimia yoyote, waandike kwanza "ya nini". Kwa maji, theluthi ya bei ya kuuzia ndiyo nusu ya bei ya kununulia, shilingi 10 zile zile.

Kazi ya nyumbani

Wape wiki ile ile, bidhaa zile zile zilizobaki, lakini badili kitu kimoja: pesa zilizoingia sandukuni kutokana na mauzo ni 8,030 badala ya 8,150, na madeni yameandikwa 350 kama awali. Shilingi 120 hazionekani. Waulize zimekwenda wapi.

Wengi watatoa jibu moja kwa uhakika, kwa kawaida wizi. Lakini 120 ni pakiti 6 za njugu, au chupa 4 za maji, au maandazi 12, au deni ambalo halikuandikwa, au chenji iliyotolewa zaidi kidogo kidogo. Tarakimu ya jumla haiwezi kutenganisha hayo. Jibu linalostahili alama zote ni lile linalotaja karatasi ambayo ingelitenganisha: hesabu ya njugu na maji inayofanywa kila jioni, ikilinganishwa na pesa za jioni hiyo. Pengo la Jumanne pekee lina maelezo yake, na pengo la shilingi 24 kila siku kwa siku tano lina maelezo mengine kabisa. Kwa maandazi hesabu ya jioni ni ngumu zaidi, kwa sababu lililoliwa bila kulipiwa na lililotupwa hayatofautiki kwenye rafu tupu, hivyo yanayotupwa yahesabiwe mbele ya watu wawili na kuandikwa siku hiyo hiyo.